Mita 300 za mwisho: barua ya kumwandikia dereva wa Kenta

Dereva wa Kenta anayepakia vyombo Mbagala na kwenda kuvishusha Mikocheni hahitaji mtu wa kumfundisha Barabara ya Mandela. Anajua foleni ya Buguruni hukaza saa ngapi, anajua matrafiki hupenda kusimama wapi, na akipewa jina la eneo tu anakuwa ameshachora njia kichwani. Asichokijua ni kile kipande cha mwisho: geti lenu linafungukia mtaa upi, waya gani umelegea juu ya kona, wapi chini ya peving kuna shimo la maji taka, na mlinzi ameambiwa nini kuhusu gari la mizigo.

Ajabu ni kwamba tunapomwelekeza tunafanya kinyume. Tunamhesabia vituo vya daladala ambavyo amepita maisha yake yote, halafu tukikaribia nyumbani tunakata maneno: "Ukifika hapo nipigie." Saa anapofika hapo na kupiga, mwenye vyombo bado yuko nyumba ya zamani anakabidhi funguo, au amekaa kwenye bajaji akiwa amekumbatia televisheni na simu iko mfukoni. Kenta imesimama katikati ya mtaa mwembamba, nyuma yake kuna magari mawili yanapiga honi, na vijana wa kubeba wanaanza kuhesabu muda wao.

Dawa yake ni ukurasa mmoja ulioandikwa mapema. Wengine huuita maelekezo, lakini ni afadhali kuuandika kama barua, kwa sababu barua humwona msomaji wake. Unapomwandikia mtu aliyekaa juu kwenye kiti cha Kenta, ambaye ameshika usukani na anasomewa na utingo wake, utaacha kumwambia mambo ya mtu anayetembea kwa miguu.

Tuchukue familia moja inayohama kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda apatimenti ya ghorofa ya tatu Mikocheni, upande wa Barabara ya Cocacola. Barabara kubwa katika mfano huu ni zilezile zilizopo. Jina la jengo na la mtaa wa ndani yameachwa kwa makusudi, na vipimo vya geti na mtaa ni vya mfano, lakini ni vya aina utakayoikuta katika mitaa mingi ya Dar es Salaam.

Barabara kubwa: sema machache

Kutoka Rangi Tatu hadi Mwenge kuna maamuzi manne tu. Dereva anaingia Barabara ya Kilwa kuelekea mjini. Pale Uhasibu anakunja kushoto kuingia Mandela. Tazara anapita chini ya daraja la Mfugale, kwa sababu daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2018, linabeba magari ya Barabara ya Nyerere na siyo ya Mandela. Ubungo ni kinyume chake: kwenye makutano ya Kijazi anapanda daraja la juu na kuendelea mbele hadi Barabara ya Sam Nujoma, bila kushuka chini kwenye mataa ambako watu hukunja kwenda Kimara au mjini. Baada ya hapo anaiacha Mlimani City kushoto kwake, anafika mataa ya Mwenge na kuivuka Barabara ya Bagamoyo moja kwa moja, anaingia Cocacola.

Sentensi mbili zinatosha kuyasema hayo kwenye barua, na hata hizo ni za kuthibitisha tu kwamba mwenye mzigo na dereva wanafikiria njia ileile. Dereva akisema atapita kwingine siku hiyo, mwachie. Ujenzi wa barabara hubadilisha mahali pa kukunja, na yeye ndiye aliyepita pale jana.

Kitu kimoja cha barabara kubwa ambacho ni chako wewe na siyo chake ni saa. Majengo mengi ya apatimenti huruhusu vyombo kuingia kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 au 11 jioni, na baadhi hufunga kabisa Jumapili. Dereva anaweza kuwa amezoea kutoka saa 11 alfajiri ili kuikwepa foleni. Akifanya hivyo atafika Mikocheni kabla ya geti kuruhusiwa kufunguliwa, na mtaa mwembamba hauna pa kumngojea. Kwa hiyo barua itaje saa ya kufika getini kwanza, ndipo saa ya kupakia ihesabiwe kurudi nyuma. Na iandike kwa maneno, "saa 4 asubuhi", siyo "10:00". Karatasi ya kibali cha jengo mara nyingi huchapwa kwa saa za kizungu, na mtu akiinakili bila kugeuza, utingo anayesoma "10:00" anaweza kuelewa saa 10 jioni.

Kutoka lami hadi ukutani

Kabla ya kuandika kipande cha mwisho, mtu anatakiwa aende akatembee. Aanzie pale gari litakapoacha lami kubwa na aende kwa miguu hadi getini, akiangalia vitu kwa mpangilio ambao dereva atakutana navyo. Kichwani mwetu nyumba ndiyo huanza kukumbukwa, ndiyo maana tunasema "ni pale karibu na kanisa, ukitokea upande wa dukani". Dereva hawezi kutumia sentensi hiyo hadi ameshafika.

Alama zenyewe zina ubora tofauti. Genge la nyanya linaweza lisiwepo siku hiyo, na fremu ya wakala wa fedha hubadilishwa rangi kila kampuni inapoleta tangazo jipya. Rangi ya geti ni nzuri ikiwa ni geti lenyewe ulilokwenda kuliona wiki hii. Alama zinazodumu ni nguzo yenye transfoma, mnara wa msikiti, ukuta wa shule, tuta, daraja la mtaro, na mahali lami inapoishia vumbi linapoanza. Hizi zina faida nyingine: zinaonekana kutoka juu, kupitia kioo cha gari, hata kama mbele kuna gari jingine. Kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa ukutani huonekana tu baada ya gari kusimama mbele yake.

Hata hivyo namba hiyo isiachwe. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi imepata majina, vibao na namba za nyumba, na pamoja nazo ipo programu ya simu ya NaPA. Kwenye barua, jina la mtaa na namba ya nyumba vina kazi mbili: kumwuliza mpita njia au bodaboda swali linalojibika, na kuhakikisha kwamba geti uliloliona ndilo. Ila visichukue nafasi ya alama.

Kila maelekezo ya kukunja yanahitaji mwenzake, yaani alama ya kuonya kwamba umepitiliza. "Kunja kulia baada ya transfoma, ukiona ukuta mrefu wa shule kushoto kwako, umepita." Mwenye gari dogo akipitiliza anageuza mlangoni kwa mtu. Kenta iliyopakiwa haiwezi. Itabidi irudi nyuma huku utingo ameshuka anaongoza, au izunguke mitaa mitatu. Sentensi hii moja ya kuonya inaokoa muda kuliko nyingine yoyote kwenye barua.

Vipi kuhusu pini ya WhatsApp? Itume, lakini usiitegemee peke yake. Ukiituma ukiwa chumbani, ndani ya zege, simu inaweza kukukadiria mita kadhaa upande mwingine. Mita hizo hazina maana kwa mtu wa miguu, ila kwa nyumba iliyoegemeana mgongo na ya mtaa wa pili zinatosha kumpeleka dereva nyuma ya ukuta, mtaa usio na geti. Ramani nayo inachagua njia kwa mawazo ya gari dogo; haijui waya wala tawi la mwembe. Simama nje, mbele ya geti kubwa, subiri alama ya mahali itulie, ndipo utume. Kisha andika kwenye barua: "Pini niliyokutumia ni ya geti, siyo ya nyumba." Karatasi ibaki mkononi mwa utingo kwa sababu bando huisha na simu huzima.

Jambo la mwisho la mtaani ni kimo. Sakafu ya bodi ya Kenta iko karibu mita 1 kutoka ardhini. Kabati la mita 2 likisimamishwa juu yake limeshafika mita 3, na magodoro yakirushwa juu ya kabati yanapita hapo. Mtu hawezi, wala hapaswi, kupima waya wa umeme kwa fimbo. Anachoweza ni kumwuliza mlinzi swali moja: gari kubwa kuliko yote lililowahi kuingia mtaa huu ni lipi? Kama gari la kuzoa taka hupita kila wiki, au boza la maji, au gari la kunyonya maji taka, basi Kenta itapita pia, mradi mzigo wake usizidi kimo cha gari hilo. Kama jibu ni kwamba hata gari la taka huishia kwenye kona na watu hupeleka mifuko kwa miguu, umeshapata jibu la swali kubwa zaidi: Kenta itaishia pale pale.

Pa kusimama

Watu wengi huandika "paki ndani". Neno hilo linaficha maswali matatu.

La kwanza, je, gari linaweza kukunja na kuingia? Upana wa geti peke yake hausemi kitu. Kenta ina upana wa mita 2 au zaidi kidogo, na geti la mfano wetu lina mita 3.4, kwa hiyo ukiangalia namba utasema inapita. Lakini mtaa mbele ya geti una mita 4.5 tu kutoka ukuta hadi mtaro. Gari refu la karibu mita 6 likikunja, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Dereva akijaribu kuingia kwa mbele, ubavu wa bodi utaufikia mhimili wa geti kabla pua haijanyooka. Katika mtaa wa aina hii, dereva mzoefu hulipita geti, husimama, halafu huingia kinyumenyume. Barua ikimwambia mapema, atajua kwamba anatakiwa kupita, na utingo ataruka chini kabla honi za watu wengine hazijaanza. Faida nyingine ni kwamba mlango wa nyuma wa bodi unakuwa umeelekea ngazi.

La pili ni juu. Mageti mengi yana zege au chuma kinachounganisha nguzo mbili kwa juu, na wakati mwingine paa dogo la urembo. Hicho unaweza kukipima kwa tepu bila hatari. Kwetu ni mita 3.1. Kabati lililosimama kwenye bodi limefika mita 3, kwa hiyo limebakiza sentimita 10, na gari likipanda tuta dogo la kizingiti sentimita hizo zinaweza kutoweka. Uamuzi ni wa kufanya Mbagala wakati wa kupakia: kabati lilazwe au lifunguliwe, magodoro yasimamishwe ubavuni, na chochote kisizidi kimo cha mita 2.8 kutoka ardhini. Ukiuacha uamuzi huu hadi getini, vijana watapakua nusu ya mzigo barabarani.

La tatu ni chini, na hili ndilo lenye gharama kubwa. Katika viwanja vidogo vya mjini, sehemu iliyotandikwa peving kwa ajili ya magari mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye shimo la maji taka au tangi la maji la chini ya ardhi. Mifuniko yake imetengenezwa kubeba watu, pengine gari dogo. Kenta yenye mzigo ina uzito wa tani kadhaa, na sehemu kubwa ya uzito huo iko kwenye ekseli ya nyuma, yaani magurudumu ambayo dereva anayarudisha nyuma bila kuyaona. Dalili za shimo ni mfuniko wa zege wenye vishikio vya nondo, bomba la hewa lililosimama ukutani, mstari wa chemba ndogo zinazoelekea sehemu moja, na peving iliyobonyea kidogo ikishika maji baada ya mvua. Mwulize mlinzi au msimamizi wa jengo shimo liko wapi hasa na ukubwa wake, kwa sababu mfuniko unaouona ni mdomo tu. Shimo lenyewe linaweza kuenea mita kadhaa pande zote. Siku ya kuhamia weka kitu kinachoonekana kwenye mpaka wake: ndoo, tairi kuukuu, kiti cha plastiki. Mtu mmoja asimame hapo.

Majibu ya maswali haya yanaweza kuonyesha kwamba gari halitakiwi kuingia kabisa. Hilo siyo balaa likijulikana mapema. Kenta ikisimama nje mita 40 kutoka kwenye ngazi, kila kitu kitabebwa umbali huo zaidi, na vijana watataka bei ya umbali huo. Bei hiyo ni afadhali ipatanwe Mbagala kabla kamba hazijafungwa.

Getini

Sheria za geti zinaudhi kwa sababu mtu huzijua akiwa ameshasimama mbele yake. Ukizisoma kwa utulivu, karibu zote zinalenga mambo mawili: mlinzi aweze kueleza baadaye nani aliingia na nini kilitoka, na wapangaji wengine wasizibiwe njia.

Kwa hilo la kwanza, mlinzi ana daftari. Ataandika jina la dereva, namba ya gari, simu, saa ya kuingia na ya kutoka, na anaweza kutaka kitambulisho. Usimwache dereva aache leseni, kwa sababu akitumwa kusogeza gari barabarani bila leseni na trafiki akatokea, ugomvi unakuwa wake. Patana na msimamizi kwamba kitambulisho cha utingo au cha kwako kinatosha. Mpelekee mlinzi majina na namba ya gari siku moja kabla, kwa maandishi, na uulize nani yuko zamu. Mlinzi wa mchana unayepiga naye soga si lazima awe ndiye atakayekuwepo asubuhi hiyo, na mlinzi asiyeambiwa kitu hana kosa akikataa kufungua.

Kumbuka kwamba mnahama kutoka mahali pia. Geti la Mbagala, kama lipo, linaweza kutaka karatasi ya mwenye nyumba inayosema hudaiwi kodi wala bili, na vyombo vinavyotoka ni vyako. Dereva akizuiliwa huko, saa uliyopatana na geti la Mikocheni inapita. Karatasi hiyo iwe mkononi usiku wa kuamkia safari.

Kwa hilo la pili, uliza kuhusu lifti na ngazi. Majengo mengine huzuia lifti kubeba samani, mengine huruhusu kwa saa fulani, na umeme ukikatika jenereta inaweza kuwasha taa tu bila kuendesha lifti. Andika barua kana kwamba lifti haipo. Vijana wakikuta ipo watafurahi. Wakiahidiwa lifti halafu wakabeba friji ghorofa tatu, watapandisha bei, na watakuwa na haki.

Barua yenyewe

Baada ya kutembea, kupima na kuuliza, barua haizidi ukurasa mmoja. Ya familia yetu ingekuwa hivi:

> Kaka dereva, habari za kazi.
>
> Tunahama Jumamosi kutoka Rangi Tatu kwenda Mikocheni. Gari tulilopatana ni Kenta. Likibadilika likawa Fuso, tafadhali nipigie kabla hujatoka, maana Fuso halitaingia mtaa wetu.
>
> Tunatakiwa getini saa 4 asubuhi. Kabla ya saa 2 asubuhi hawafungui, na saa 10 jioni gari liwe limeshatoka.
>
> Wakati wa kupakia: mzigo usizidi mita 2.8 kutoka chini. Kabati kubwa lilazwe. Magodoro yapangwe ubavuni, yasiwekwe juu.
>
> Njia: Kilwa, Mandela, Sam Nujoma, uvuke mataa ya Mwenge kuingia Cocacola. Ukiona njia nyingine ni bora siku hiyo, pita.
>
> Kutoka Cocacola, utingo akusomee:
>
> 1. Pita tuta la kwanza na la pili. Baada ya tuta la pili kuna nguzo yenye transfoma, kushoto kwako.
> 2. Mtaa wa kwanza baada ya transfoma, kunja kulia. Ukiona ukuta mrefu wa shule, umepita; endelea mbele hadi msikitini, pana nafasi ya kugeuza.
> 3. Lami inaisha baada ya nyumba chache. Endelea polepole, kuna mtaro wazi kulia.
> 4. Kwenye mwembe kuna waya wa simu umelegea. Pita upande wa kushoto wa barabara. Gari la taka hupita hapo kila wiki.
> 5. Geti letu ni la bluu, kushoto, la pili baada ya mwembe. Namba ya nyumba iko kwenye nguzo ya kulia. Pini niliyokutumia ni ya geti hili.
>
> Usikunje kuingia. Lipite geti, simama, utingo ashuke, uingie kinyumenyume. Geti lina mita 3.4 kwa upana, na mita 3.1 kwa juu.
>
> Ndani, fuata ukuta wa kushoto. Kulia kuna shimo la maji taka. Tumeweka tairi mbili mpakani. Gurudumu lisipite tairi hizo hata kidogo. Mdogo wangu atasimama hapo.
>
> Mlinzi ana jina lako na namba ya gari. Utingo ataacha kitambulisho, wewe baki na leseni yako. Tafadhali usipige honi. Gonga geti dogo.
>
> Nyumba iko ghorofa ya tatu, tunapanda kwa ngazi. Vijana wawe wanne, na bei tuliyopatana imehesabu ngazi hizo.
>
> Mimi nitakuwa Mbagala hadi mzigo uishe. Atakayekupokea Mikocheni ni mke wangu. Namba zetu zote mbili ziko nyuma ya karatasi hii.
>
> Asante, na safari njema.

Angalia barabara kubwa ilivyopata mistari miwili, na mita 300 za mwisho zikapata karibu nusu ya ukurasa. Angalia pia kwamba hatua zilizohesabiwa ni fupi. Utingo anazisoma kwa sauti huku gari linatikisika, kwa hiyo kila moja ina jambo moja la kufanya na alama ya kulithibitisha. Mambo ambayo dereva atayahitaji akiwa amesimama, kama yale ya mlinzi na ngazi, yameachwa huko mwisho.

Mstari wa Fuso umewekwa juu kwa sababu mabadiliko hayo hutokea kimyakimya. Kenta inaharibika usiku, mwenye gari anatuma Fuso kwa bei ileile akidhani anakupendelea. Gari hilo ni pana na refu zaidi, na hesabu yote ya kona, waya na geti inakuwa haina maana tena. Ikitokea hivyo, barua haifai kurekebishwa kwa simu. Afadhali kuahirisha, au Fuso lisimame Cocacola na vyombo vimaliziwe kwa kirikuu tripu mbili tatu.

Mvua nayo inaifuta barua. Mwezi wa Aprili, kile kipande cha vumbi kilichokuwa kigumu wakati unapima kinaweza kuwa tope, na ukingo wa mtaro unalainika. Mtu wa Mikocheni aangalie mtaa asubuhi hiyo, siyo jana yake, na dereva apewe taarifa kabla hajaondoka Mbagala.

Andaa nakala tatu: moja ya utingo, moja ya mlinzi, moja ya yule atakayepokea gari. Ya mlinzi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Akijua kwamba Kenta itarudi nyuma na kufuata ukuta wa kushoto, ataomba gari la mpangaji wa ghorofa ya kwanza lisogezwe kabla yenu hamjafika.

Jioni ya kabla ya safari mpigie dereva, na usimwulize kama ameelewa, kwa sababu atakujibu ameelewa. Mwambie akueleze yeye, kuanzia transfoma hadi kwenye ngazi. Pale atakaposita, au atakapouliza "hiyo kona ni kabla au baada ya msikiti?", ndipo pana mstari ambao haukuandikwa vizuri. Uandike upya usiku huohuo, ubadilishe nakala zote tatu, na umpigie tena.